Diploma ya mtandaoni ya saa kumi: mwajiri ataipokea, na chuo kikuu je?

Tangu Marekani isimamishe misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, na shirika la USAID kufungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo, mashirika ya kiutu yanayofanya kazi Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri yamepunguza wafanyakazi. Nafasi chache zilizobaki zinagombewa na watu wengi, na kila mmoja anatafuta karatasi moja ya kuongeza kwenye dosye yake. Hapo ndipo matangazo ya masomo ya mtandaoni yanapomkuta, kwenye Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp: soma bure, pata diploma ya kimataifa, lipa tu cheti.

Matangazo hayo yote hayauzi kitu kimoja. Kuna yanayotoka kwa tovuti zinazofundisha kweli na kuuza uthibitisho kwamba mtu amesoma. Kuna mengine yanayouza karatasi tupu. Kwenye skrini ya simu yanafanana, na bei zake wakati mwingine zinafanana pia. Tofauti hujulikana siku ambayo mhusika wa wafanyakazi anafungua dosye, au siku ambayo ofisi ya uandikishaji ya chuo kikuu inaomba asili ya diploma. Siku hiyo pesa imekwisha kutoka.

Fikiria kijana wa Bukavu mwenye diploma ya serikali na miaka miwili ya kutunza depo ya shirika moja. Shirika limefunga mradi. Anaona tangazo la kazi ya msaidizi wa lojistiki, linaomba lisansi au kiwango kinacholingana, na uzoefu wa miaka mitatu. Lisansi hana. Anafungua Alison, tovuti ya Ireland iliyoanza mwaka 2007, na kukuta somo lenye neno diploma katika kichwa chake, juu ya usimamizi wa ugavi. Analimaliza kwa siku nne za jioni, anajibu maswali, anafaulu. Kusoma hakulipishi. Cheti ndicho kinacholipwa, kiwe cha kupakua kwenye simu au kilichochapwa na kutumwa. Analipa kwa kadi ya rafiki yake, na katika fomu ya kuomba kazi, mahali pa masomo, anaandika kwamba ana diploma ya usimamizi wa ugavi.

Hakudanganywa na Alison. Tovuti hiyo inajulikana, masomo yake yapo na mengine ni mazuri. Kosa liko katika neno moja. Pale, diploma ni jina la somo refu kidogo, ambalo kwa kawaida hukadiriwa kati ya saa 6 na 10. Kwetu, neno hilo limebeba miaka ya shule, mitihani ya serikali na muhuri wa wizara. Katika mfumo wa LMD unaofuatwa sasa na vyuo vikuu vya Kongo, lisansi ni kredi 180, na kredi moja inahesabiwa kwa takriban saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Ukizidisha unapata saa 4,500. Mtu anayesoma dosye hahitaji chuki yoyote dhidi ya intaneti ili aone kwamba saa 10 haziwezi kusimama mahali pa saa 4,500.

Ndiyo maana kijana huyo anaweza kuondolewa katika mchujo wa kwanza, na sababu haitakuwa cheti chenyewe. Atakuwa ameondolewa kwa sababu ya mahali alipokiandika. Fomu ya zamani ya Umoja wa Mataifa inayoitwa P11, ambayo mashirika mengi yameiiga, ina sehemu moja ya masomo ya chuo kikuu na sehemu nyingine ya shule na mafunzo mengine. Inaomba pia jina la diploma liandikwe kama lilivyo katika lugha yake ya asili, bila kulitafsiri wala kulilinganisha na diploma nyingine. Cheti cha Alison, kikiwekwa katika sehemu ya mafunzo, pamoja na idadi ya saa na mwaka, kinasema ukweli: mtunza depo huyu anajisomesha, amejifunza maneno ya kazi, anajua tofauti ya hesabu ya stoki na utabiri wa mahitaji. Kikiwekwa katika sehemu ya chuo kikuu, kinasema jambo jingine, na mhusika wa wafanyakazi ataanza kutilia shaka hata ile miaka miwili ya depo, ambayo ndiyo mali yake kubwa.

Nani alimpima, na kwa njia gani

Mwajiri mzoefu akiona cheti cha mtandaoni huuliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: nani alihakikisha kwamba mwenye jina hili ndiye aliyejibu maswali? Katika masomo mengi ya mtandaoni hakuna aliyehakikisha. Maswali ni ya kuchagua jibu, yanarudiwa mpaka mtu afaulu, na kaka mtu anaweza kujibu badala yake. Cheti kama hicho kinathibitisha kwamba akaunti fulani ilifika mwisho wa somo. Hiyo ina thamani yake, ila ni thamani ndogo.

Mfano mzuri uko kwa vijana wa kompyuta. Kampuni ya Cisco ina mpango wa masomo uitwao Networking Academy, na baadhi ya masomo yake yana jina CCNA ndani yake. Anayemaliza somo hupewa cheti cha kumaliza. Lakini CCNA yenyewe, ile ambayo makampuni ya mawasiliano na benki huiomba, ni mtihani mwingine kabisa, wenye namba 200-301. Unalipiwa dola 300, unafanywa chini ya ulinzi na kitambulisho mkononi, na matokeo yake yanadumu miaka mitatu tu. Mtu anayeandika CCNA kwenye wasifu wake kwa sababu alimaliza somo la Academy ataombwa namba ya uthibitisho, na hatakuwa nayo. Hali ni hiyo hiyo kwa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi: kinaomba mtihani, miezi mingi ya kuongoza miradi, na saa 35 za mafunzo. Somo la mtandaoni linaweza kujaza zile saa 35. Haliwezi kujaza mengine.

Coursera, iliyoanzishwa mwaka 2012 na walimu wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, imejaribu kutibu tatizo hilo kwa sehemu. Kila cheti chake kina anwani ya kuthibitisha inayoanza na coursera.org/verify. Mwajiri akiifungua anaona jina la mtu, jina la somo, tarehe na chuo kilichotoa somo. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya tovuti inayojiheshimu: uthibitisho uko kwake, na mtu yeyote anaweza kuuona bila kumpigia muuzaji simu. Cheti ambacho ni picha tu, hata kikiwa na mihuri mitano ya dhahabu, kinaweza kutengenezwa na kijana yeyote wa duka la kuchapa.

Hapa kuna kosa dogo linalowaponza Wakongomani hasa. Mtu amefungua akaunti kwa jina la Facebook, au kwa jina la ubatizo na jina la utani. Cheti kinatoka na jina hilo. Kadi ya mchaguzi na diploma ya serikali zina majina matatu: jina, jina la pili na jina la ubatizo. Kwa mwajiri wa nje asiyejua desturi yetu ya majina, hao ni watu wawili. Kubadilisha jina baada ya cheti kutoka ni kazi ndefu, na inaomba kitambulisho. Inafaa majina yote matatu yaandikwe siku ya kufungua akaunti, kwa mfuatano ulio kwenye kadi.

Upande wa pesa, inafaa kujua kwamba katika sekta ya misaada masomo yanayotambuliwa zaidi na waajiri hayalipishwi. Umoja wa Mataifa hutoa bure mafunzo yake ya usalama, BSAFE, na yanaombwa kwa wafanyakazi wake. DisasterReady na Kaya ni tovuti mbili zilizotengenezwa kwa wafanyakazi wa kiutu, nazo hutoa masomo na vyeti bila malipo, mengi yakiwa pia kwa Kifaransa. Coursera hupokea maombi ya msaada wa ada, somo kwa somo, na jibu linaweza kuchukua karibu wiki mbili. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa Uvira alipe dola 25 kwa Airtel Money ili apate cheti cha usalama cha Umoja wa Mataifa anamwibia. Umoja wa Mataifa hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri.

Karatasi inayojithibitisha yenyewe

Aina ya pili ya tovuti ni hatari zaidi, kwa sababu imejifunza kuvaa nguo za ile ya kwanza. Kisa kinachojulikana vizuri ni cha Axact, kampuni ya Karachi, nchini Pakistan. Mwezi wa Mei 2015 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba kampuni hiyo ilikuwa nyuma ya tovuti zisizopungua 370. Nyingi zilikuwa na majina ya vyuo vikuu na shule ambazo hazikuwepo popote isipokuwa kwenye skrini. Baadhi ya majina yalitengenezwa ili yafanane na vyuo maarufu: Barkley, Columbiana. Kulikuwa na picha za majengo, video za walimu na wanafunzi waliokuwa waigizaji wa kulipwa, na mtu wa kujibu simu usiku na mchana. Kulikuwa pia na mashirika ya kutoa ithibati, yaani yale yanayotangaza kwamba chuo fulani kinakidhi viwango. Mashirika hayo nayo yalikuwa tovuti za Axact. Mteja aliyefanya uchunguzi wake, akauliza nani anakitambua chuo hiki, alijibiwa na muuzaji yule yule kwa sauti nyingine.

Biashara haikuishia kwenye karatasi. Waliokwisha kununua walipigiwa simu baadaye na watu waliojifanya maofisa wa serikali, wakaambiwa diploma yao inahitaji hati nyingine ya kuihalalisha, la sivyo wangepata matatizo na sheria. Wengi walilipa tena, na tena. Waendesha mashtaka wa Marekani walihesabu dola zisizopungua milioni 140 zilizokusanywa kutoka kwa makumi ya maelfu ya watu duniani. Mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Umair Hamid, alikiri kosa mbele ya korti ya New York mwaka 2017 na kuhukumiwa miezi 21 jela.

Axact ni jina moja tu. Njia yake inaendelea kutumiwa, na inajulikana kwa dalili ambazo mtu anaweza kuziangalia kwa simu na mega chache.

Ya kwanza ni muda na maisha. Chuo kinachotoa lisansi kwa siku kumi, kwa kuhesabu uzoefu wa maisha ya mtu peke yake, hakifundishi. Vyuo halali vinaweza kupunguza sehemu ya masomo kwa ajili ya uzoefu, lakini vinaomba ushahidi, vinapima, na bado vinambakizia mtu masomo ya kufanya.

Ya pili ni muhuri wenyewe. Tovuti nyingi huandika chini ya ukurasa kwamba zimesajiliwa Uingereza au Marekani. Kusajili kampuni Uingereza hufanyika kwa intaneti, kwa ada ndogo, na namba inayopatikana ni ya kufanya biashara. Haimpi mtu ruhusa ya kutoa digrii. Wengine huonyesha alama ya ISO 9001, ambayo inahusu namna ofisi inavyoendeshwa na haisemi chochote kuhusu kiwango cha diploma. Wengine, hata tovuti za kweli, huonyesha alama ya CPD. Hiyo inasema kwamba somo limekaguliwa kama mafunzo ya kuendeleza mtu aliye kazini tayari. Ni jambo zuri, na ndiyo maana nafasi yake ni katika sehemu ya mafunzo ya ile fomu.

Ya tatu ni anwani. Mwisho wa .edu siku hizi hupewa vyuo vya Marekani vyenye ithibati tu, lakini .education na .university zinauzwa kwa yeyote mwenye kadi. Vilevile .ac.uk ni ya taasisi za Uingereza, ila .ac peke yake ni ya kisiwa cha Ascension na inauzwa sokoni kama nyanya. Mtu anaweza kuandika anwani ya chuo kwenye lookup.icann.org na kusoma tarehe ilipoandikishwa. Chuo kinachosema kilianzishwa mwaka 1987, huku anwani yake ikiwa na umri wa miezi minane, kimekwisha kujibu swali.

Mbele ya chuo kikuu

Kwa vyuo vikuu hali ni ngumu zaidi kuliko kwa waajiri, na inafaa kusemwa bila kuzunguka. Chuo kikuu cha Kongo kinachopokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kinaomba diploma ya serikali. Hakuna cheti cha Coursera, cha Alison wala cha tovuti nyingine kinachoshika nafasi yake, hata vikiwa hamsini. Kwa masta kinaomba lisansi. Diploma iliyotoka nje ya nchi hupelekwa kwa wizara ya masomo ya juu na vyuo vikuu, ESU, ili ipewe usawa na diploma za hapa. Kinacholinganishwa huko ni diploma ya taasisi inayotambuliwa na serikali ya nchi yake. Cheti cha somo moja hakiingii katika hesabu hiyo.

Kuna njia chache zilizo wazi kati ya tovuti na chuo, na zote ni nyembamba. Chuo cha MIT cha Marekani, kwa mfano, kina mpango wa MicroMasters wa usimamizi wa ugavi: masomo matano ya mtandaoni na mtihani mkuu wa mwisho. Anayefaulu anaweza kuomba masta MIT au katika vyuo vingine vilivyokubali kuhesabu kredi zile. Neno muhimu ni kuomba. Kredi huhesabiwa baada ya mtu kupokelewa, na vyuo vingi bado vitamwomba lisansi kwanza. Yule mtunza depo wa Bukavu anaweza kusoma masomo hayo na kunufaika sana kazini, lakini kama hana lisansi asidhani ameruka ngazi.

Ambaye nia yake ni digrii kamili kwa njia ya intaneti anayo milango ya kweli. Shirika la vyuo vikuu vya nchi zinazosema Kifaransa, AUF, huchapisha orodha ya diploma za masafa zinazotolewa na vyuo wanachama wake. Huko anayefundisha na kutoa diploma ni chuo kikuu chenyewe, chenye jengo na rekta. University of the People ya Marekani haitozi ada ya kufundisha lakini hulipisha mitihani. Ilipata ithibati mwaka 2014 kutoka DEAC, shirika linalotambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani. Miaka ya masomo ni ile ile kama darasani, na wengi huchoka katikati kwa sababu ya umeme na koneksio kuliko ugumu wa masomo.

Kabla ya kulipa dola ya kwanza, jina la chuo liandikwe kwenye whed.net. Hiyo ni hazina ya taarifa ya Shirikisho la Kimataifa la Vyuo Vikuu, inayofanya kazi pamoja na UNESCO, na ina vyuo vinavyotambuliwa na serikali za nchi zao, zaidi ya 20,000. Mashirika ya Umoja wa Mataifa huitumia kukagua diploma za wanaoomba kazi. Chuo kisichokuwemo si lazima kiwe cha uongo. Kinaweza kuwa kipya au kidogo. Lakini kwa mtu wa Bunia au Beni anayelenga kazi katika mashirika hayo, digrii ya chuo kisichokuwemo ni hatari ambayo pesa yake haina budi kuipima. Hatua inayofuata ni barua fupi kwa ESU, au kwa ofisi ya uandikishaji ya chuo anachotaka kuendelea nacho, ikiuliza kama diploma ya chuo kile inapewa usawa. Jibu la maandishi, hata likichelewa, lina uzito kuliko ahadi kumi za muuzaji kwenye WhatsApp.

Wapo wanaosema kwamba yote haya hayana maana mahali ambapo kazi hupatikana kwa kujuana. Ni kweli kwamba kujuana kupo. Lakini mashirika makubwa hukagua dosye pia baada ya mtu kuajiriwa, hasa mfadhili anapoomba ukaguzi, na hapo karatasi ya uongo humwangusha mwenyewe hata kama aliyemleta bado ana cheo. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika vifungu vya 124 na 126, inaadhibu kughushi maandishi na pia kuyatumia mtu akijua ni ya uongo. Kwa kughushi, kifungo ni kati ya miezi sita na miaka mitano. Aliyenunua digrii ya siku kumi na kuiweka kwenye dosye yake atapata shida kueleza kwamba hakujua.

Kwa mtunza depo wa Bukavu, cheti chake hakijapotea. Akitoe katika sehemu ya chuo kikuu, akiweke katika mafunzo na saa zake, aongeze somo moja la bure la lojistiki kutoka Kaya au DisasterReady, na juu ya yote aandike kwa tarakimu kile alichofanya deponi: tani ngapi zilipita mikononi mwake kwa mwezi, depo mangapi, hesabu ngapi za stoki zilizofungwa bila upungufu. Tangazo lililoomba lisansi huenda bado likamkataa. Yale yanayoomba diploma ya serikali na uzoefu wa miaka miwili ndiyo yanayomhusu, na huko cheti cha saa kumi kinaweza kumtofautisha na mwenzake mwenye depo sawa na lake.